Meneja, wakala na lebo katika mkataba mmoja: nisaini?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 21, naishi Morogoro. Natunga na kuimba mwenyewe, na nimetoa nyimbo mbili kwa fedha zangu. Moja imepigwa sana redioni hapa mkoani. Mwezi uliopita alinipigia bwana mmoja mwenye studio Dar es Salaam. Anasema atakuwa meneja wangu, kampuni yake nyingine itanitafutia shoo, na lebo yake itanirekodi na kunitengenezea video mbili. Ameniletea mkataba wa kurasa 11 ulioandikwa kwa Kiingereza, ambao nakutumia, na ameahidi kunipa shilingi milioni 2 nikishasaini. Mgawanyo ni asilimia 60 kwake na 40 kwangu baada ya gharama. Mjomba wangu, ambaye ni mwalimu, ameusoma akasema haoni ubaya. Bwana huyo anataka jibu kabla ya Ijumaa. Naomba kujua watu hawa watatu kila mmoja anafanya kazi gani hasa, kama wote nawahitaji, na mkataba mbaya nitautambuaje.

Binti wa Morogoro

Marahaba, binti yangu.

Nimeusoma mkataba wako mara mbili, isipokuwa ukurasa wa 8 ambao picha yake imetoka na kivuli na nusu ya maneno hayasomeki. Mjomba wako hajakosea sana, kwa sababu kila kifungu ukikisoma peke yake kinaonekana cha kawaida. Shida iko katika namna vifungu hivyo vinavyoshikana, na ili uione ni lazima kwanza tuwatenganishe watu watatu ambao bwana huyu amewaweka ndani ya koti moja.

Meneja ni mtu wa upande wako. Anapanga nawe utoe wimbo lini, anakutafutia produsa na mpiga picha wa video, anajibu simu, anasoma mikataba ya watu wengine kabla hujaisaini, na anafuatilia malipo yaliyochelewa. Ujira wake ni komisheni, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 15 na 20 ya kile unachoingiza wewe. Maana ya utaratibu huo ni kwamba usipopata kitu, naye hapati. Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote, ambayo wasanii wengi wachanga huigundua wakiwa wamechelewa, ni kubishana na lebo na mapromota kwa niaba yako. Yeye ndiye anayeuliza kwa nini video iliyokadiriwa kugharimu milioni 3 imeandikwa milioni 4, na ndiye anayedai kuonyeshwa risiti.

Wakala wa shoo ana kazi nyembamba zaidi, nayo ni kuuza maonyesho yako. Anajua kumbi, matamasha, vyuo, harusi na kampuni zinazofanya sherehe za mwisho wa mwaka. Anakubaliana nao bei, anaandika masharti ya jukwaa, usafiri na malazi, na anahakikisha sehemu ya malipo, mara nyingi nusu, imeingia kabla hujapanda basi. Hulipwa asilimia 10 hadi 15 ya bei ya shoo aliyoileta yeye, na hapaswi kugusa fedha za nyimbo zako. Usimchanganye na promota. Promota hununua shoo kwa fedha yake, hukodi ukumbi, huuza tiketi, na watu wasipokuja hasara ni yake. Wakala hauzi tiketi, anakuuza wewe kwa promota. Hapa kwetu kazi ya wakala mara nyingi hufanywa na meneja mwenyewe, na kwa msanii anayepata shoo mbili kwa mwezi hilo halina tatizo, ili mradi asichukue komisheni mara mbili kwa simu ileile aliyoipokea.

Lebo ni mwekezaji. Inaweka fedha katika kurekodi, video, matangazo na usambazaji, na kwa malipo ya hatari hiyo inapata haki fulani juu ya rekodi na sehemu kubwa ya mapato yake. Sitaki uione lebo kuwa adui, kwa kuwa nyimbo nyingi zinazogharamiwa hazirudishi hata fedha ya video, na anayebeba hasara hiyo ana haki ya kutaka faida pale wimbo unapofanikiwa. Hata hivyo maslahi yake na yako yanagongana mahali pamoja palepale kila siku, yaani kwenye hesabu. Lebo inafaidika gharama zikiandikwa kubwa na deni lako likilipwa polepole, wakati wewe unafaidika na kinyume chake.

Sasa utaona kwa nini koti moja linanitia wasiwasi. Ikiwa meneja wako ndiye mwenye lebo, siku ambayo gharama ya video itaandikwa milioni 4 hakuna mtu wa kuuliza, kwa sababu anayepaswa kuuliza ndiye aliyeandika. Sisemi kwamba kila mwenye kofia tatu ni mwizi. Muziki wetu umejengwa na watu wa aina hiyo, na wengine wamewalea wasanii vizuri sana. Ninachosema ni kwamba mtu huyo akiamua kukudhulumu, au akizidiwa tu na madeni yake mwenyewe, mkataba huu haukupi mlango wa kutokea. Ndiyo maana inafaa tuufanyie hesabu.

Chukua shoo moja ambayo promota amekubali kulipa shilingi milioni 3. Tuseme nauli, malazi, dijei na wacheza shoo wawili wanagharimu 700,000. Katika mpangilio wenye watu tofauti, wakala anachukua asilimia 10, yaani 300,000. Zinabaki milioni 2 na laki 7, na ukitoa gharama za safari zinabaki milioni 2 kamili. Meneja anachukua asilimia 20 ya hizo, ambayo ni 400,000, na wewe unarudi nyumbani na milioni 1 na laki 6. Meneja mwingine angetaka asilimia yake ihesabiwe kwenye mapato ghafi, yaani milioni 3 zote kabla ya chochote kutolewa, ambapo angepata 600,000 nawe ungebaki na milioni 1 na laki 4. Tofauti hiyo ya laki 2 kwa kila shoo imejificha katika neno moja la mkataba, kwa hiyo kila unapoona asilimia, usiulize ni kubwa kiasi gani kabla hujauliza inahesabiwa kwenye fedha ipi.

Sasa ipitishe shoo ileile katika mkataba wako. Kifungu cha 6 kinaipa kampuni yake ya kutafuta shoo asilimia 15, na zinaondoka 450,000. Kifungu cha 7 kinakata asilimia 20 ya mapato ghafi kwa jina la ada ya usimamizi, na zinaondoka 600,000. Gharama za safari ni zile 700,000. Imebaki milioni 1 na laki 2 na nusu, na hapo ndipo mgawanyo wa 60 kwa 40 unapoanza: lebo inachukua 750,000 nawe unaandikiwa 500,000. Ukijumlisha 450,000, 600,000 na 750,000, utaona kwamba bwana mmoja amepata milioni 1 na laki 8 kutoka katika shoo ambayo wewe ndiye uliyesimama jukwaani. Anayekuambia anachukua asilimia 60 hajakudanganya kwa maneno, lakini ameshalipwa mara mbili kabla asilimia hiyo haijaguswa.

Tena hizo 500,000 hutazishika. Nilisema unaandikiwa, na neno hilo nimelichagua kwa makusudi, kwa sababu kifungu cha 9 kinasema fungu lako katika mapato ya aina yoyote litatumika kwanza kulipa fedha zote ambazo kampuni imetumia kwako. Hilo ndilo deni la lebo, na inafaa nilieleze polepole, kwa kuwa ndipo ulipo moyo wa mkataba wowote wa kurekodi.

Tuseme lebo imekupa zile milioni 2, imelipia studio na produsa milioni 2, video mbili milioni 8, na matangazo milioni 3. Jumla ni milioni 15. Milioni 2 za mkononi si zawadi wala mshahara. Ni malipo ya awali yanayokatwa katika mapato yako ya baadaye. Kuna njia mbili za kulirudisha deni hilo. Katika njia ya kwanza, fedha inayoingia kutokana na nyimbo inalipa gharama kwanza, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Nyimbo zikiingiza milioni 15, gharama zimekwisha, na kuanzia shilingi inayofuata wewe unapata asilimia 40. Katika njia ya pili, mapato yanagawanywa tangu shilingi ya kwanza, lebo inaweka mfukoni asilimia 60 yake, na deni linalipwa na asilimia 40 yako peke yake. Nyimbo zikiingiza milioni 15 zilezile, lebo imepata milioni 9, wewe umelipa deni milioni 6, na bado unadaiwa milioni 9.

Endeleza hesabu hiyo mpaka mwisho wake. Ili asilimia 40 ifikie milioni 15, nyimbo zinatakiwa kuingiza milioni 37 na nusu. Siku hiyo lebo itakuwa imepokea zote, milioni 22 na nusu kama fungu lake na milioni 15 kama marejesho, ilhali katika njia ya kwanza, kwa mapato hayohayo, wewe ungekuwa umeshalipwa milioni 9. Mkataba wako umeandikwa kwa njia ya pili. Mikataba mingi ya lebo kubwa za ulaya na Marekani nayo imeandikwa hivyo, kwa hiyo bwana huyu hakuibuni. Lakini lebo hizo kwa desturi hulipia deni la kurekodi kwa mapato ya rekodi, na shoo za msanii zinabaki kando, au zinakatwa asilimia ndogo pale ambapo mkataba unagusa kila chanzo cha mapato, ule ambao vijana wanauita mkataba wa mia tatu sitini. Wewe umechanganyiwa madaftari yote. Deni la video linalipwa na shoo, deni la wimbo uliokufa linalipwa na wimbo uliofanikiwa, na ukipata tangazo la kampuni ya simu nalo linaingia humo humo.

Omba mambo mawili hapo. La kwanza, gharama zitolewe juu kabla ya mgawanyo, na fedha za shoo zisiguswe na deni la rekodi. La pili, neno gharama lipewe mipaka: litajwe ni gharama zipi, zisizidi kiasi gani bila idhini yako ya maandishi, na kila moja iwe na risiti. Mkataba wako unasema tu kwamba gharama ni zile ambazo kampuni itaona zinafaa. Kwa maneno hayo, kodi ya ofisi na mafuta ya gari lake vinaweza kuwa deni lako. Angalia vilevile kifungu cha 14, kinachosema kwamba mkataba ukivunjika kwa sababu yoyote, utarudisha fedha zote zilizosalia ndani ya siku 30. Deni la lebo linapaswa kulipwa na mapato ya nyimbo, na nyimbo zisipoingiza kitu, hasara ni ya mwekezaji. Likidaiwa mfukoni mwako limekuwa mkopo, nawe hukuomba mkopo.

Jambo la pili kwa uzito ni umiliki, nalo lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Wimbo wako una utunzi, yaani maneno na mahadhi yake, na una masta, yaani ile rekodi iliyofanywa studio. Mwimbaji mwingine akiurudia wimbo wako, ametumia utunzi bila kugusa masta. Redio ikiupiga, imetumia vyote viwili. Lebo iliyolipia studio ina hoja ya kudai haki katika masta. Katika utunzi haina hoja, kwa sababu uliandika mwenyewe chumbani kwako. Kifungu cha 4 kinachukua vyote kwa pamoja, duniani kote, kwa muda wote wa ulinzi wa kisheria. Maneno hayo ya mwisho yanapitwa haraka na macho. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Una miaka 21. Mungu akikujalia kufika 71, utakuwa umetoa kitu cha miaka 100 kwa milioni 2 ambazo ni deni.

Unachoweza kupendekeza ni kwamba utunzi ubaki wako wote, na masta lebo ipewe leseni ya kuitumia kwa muda maalumu, kwa mfano miaka 7 tangu wimbo utoke, kisha irudi kwako. Wenye lebo wengi watakataa katika kikao cha kwanza na kukubali miaka 10 katika cha tatu. Zile nyimbo mbili ulizogharamia mwenyewe zitajwe kwa majina kwamba hazimo, maana kifungu kilekile kinataja kazi zote za msanii zilizopo na zijazo. Kabla ya kikao chochote zisajili kwa jina lako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kama hujajisajili kama msanii BASATA, baraza la sanaa la taifa, fanya hivyo. Halafu kaa na produsa wako wa Morogoro muandikiane karatasi moja kuhusu biti zake, maana kesi za namna hiyo huzuka baada ya wimbo kupendwa, kabla ya hapo kila mtu ni ndugu.

Umiliki mwingine hauonekani kwenye sheria lakini ndio ulionitoa machozi mara nyingi zaidi katika miaka niliyosimamia wasanii. Kifungu cha 5 kinataka umkabidhi nywila za chaneli yako ya YouTube na kurasa zako zote, na kinasema jina lako la kisanii ni mali ya kampuni. Nilimjua kijana aliyeondoka kwa meneja wake kwa amani kabisa, wakapeana mikono, na wiki iliyofuata chaneli yenye nyimbo zake zote ikawa inaweka video za msanii mwingine. Alikuwa na haki, lakini hakuwa na nywila. YouTube inakuruhusu kumpa mtu ruhusa ya kusimamia chaneli bila kumpa nywila yako, na unaweza kuiondoa ruhusa hiyo siku yoyote. Mpe hiyo na si zaidi. Jina ulilokuja nalo uondoke nalo.

Tukija kwenye muda, barua yako haikutaja miaka, nadhani kwa sababu aliyekuletea mkataba alikuambia ni mitano. Kifungu cha 2 kinasema miaka 5 au albamu 3 zilizokubaliwa na kampuni, lolote litakalochelewa, na kampuni peke yake ina hiari ya kuongeza miaka 3. Mwenye kuamua kama albamu imekubaliwa ni kampuni. Ikizikataa, muda haumaliziki. Na hakuna mahali popote ambapo kampuni inalazimika kutoa wimbo wako. Hali hii ndiyo inayozaa wasanii ambao nyimbo zao tisa zimekaa kwenye kompyuta ya studio kwa miaka mitatu, hawaruhusiwi kuzitoa wala kurekodi kwingine, na mitaani watu wanauliza kama wameacha muziki. Kila wajibu wako una tarehe. Mpe naye tarehe. Ukishakabidhi wimbo na usitoke ndani ya miezi 6, uwe huru kuutoa mwenyewe, na usipotolewa wimbo wowote ndani ya mwaka, mkataba uvunjike bila malipo.

Kuvunja mkataba ni suala ambalo kila msanii analiona la mbali. Mwanamuziki Harmonize alipoondoka lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019, alieleza mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Sihukumu upande wowote katika jambo hilo, na lebo iliyojenga jina la mtu ina haki ya kufidiwa. Lakini yeye alikuwa tayari nyota mwenye shoo za nje ya nchi. Mkataba wako unataja fidia ya milioni 80 kwa msanii ambaye hata video ya kwanza haijapigwa, na hautaji kampuni italipa nini ikikutupa. Fidia ya haki hushikamana na kitu kinachoweza kuhesabiwa, kama vile gharama zenye risiti ambazo hazijarudi, na hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Nitapita haraka kwenye mambo mawili yaliyobaki. Kifungu cha 11 kinampa meneja hati ya uwakili, yaani uwezo wa kusaini chochote kwa jina lako na kupokea fedha zote katika akaunti yake. Meneja anaweza kuruhusiwa kusaini shoo ya siku moja baada ya wewe kukubali kwa ujumbe, lakini asiruhusiwe kusaini mkataba wa muda mrefu kwa niaba yako, na taarifa ya mapato ije kila baada ya miezi mitatu, pamoja na haki ya wewe kuleta mhasibu akague. Kifungu cha 12 kinaendeleza komisheni yake milele hata mkataba ukiisha. Ni haki meneja aendelee kulipwa kwa dili alizozileta, ila kwa kushuka, kwa mfano asilimia 20 mwaka wa kwanza baada ya kuachana, 10 wa pili, kisha basi.

Kuhusu kama wote unawahitaji, maoni yangu ni kwamba kwa nyimbo mbili na mkoa mmoja, wakala bado. Wakala huuza kitu ambacho watu wameshaanza kukiulizia, na shoo zako za sasa zinaweza kupangwa kwa simu yako mwenyewe. Meneja anaweza kukusaidia, akiwa na mkataba wa majaribio wa miezi 6 au mwaka mmoja, bila haki yoyote katika nyimbo. Lebo ninaitilia shaka zaidi, kwa sababu unachokihitaji kwanza ni usambazaji, na kampuni za usambazaji wa kidijitali zitafikisha wimbo wako kwenye Boomplay, Spotify na kwingineko kwa ada au asilimia ndogo, masta ikibaki yako. Kinachokosekana hapo ni fedha ya video na mtu wa kuhangaika na redio, na hayo mawili ndiyo unayoyanunua kutoka kwa bwana huyu. Swali lako la kweli ni bei.

Ijumaa isikutishe. Studio haitahama Jumamosi, na mtu aliyepanga kukaa nawe miaka 5 anaweza kusubiri wiki 2. Katika muda huo tafuta majina ya kampuni zake zote mbili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, uone kama zipo na wakurugenzi ni nani. Nikibahatisha, utakuta ni mtu yuleyule au mkewe, na hapo utakuwa na hoja ya kufuta ile asilimia 15 ya kifungu cha 6. Kisha mpelekee mkataba wakili ambaye halipwi na lebo. Wakili aliyetajwa ukurasa wa mwisho, anayejitolea kukueleza bure, ni wa kampuni, na hata akiwa mwema kiasi gani kazi yake ni kumlinda aliyemwajiri. Kama ada inakushinda, ulizia msaada wa kisheria kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika. Omba pia nakala ya Kiswahili, na iandikwe kwamba nakala mbili zikitofautiana, ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa.

Bwana huyo umwandikie hivi: “Shikamoo, nashukuru kwa nafasi. Mkataba nimeupeleka kwa wakili na nitajibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Wakati huo naomba kujua mambo matatu: gharama zitatolewa kabla ya mgawanyo au katika fungu langu, masta itarudi kwangu mwaka gani, na fedha za shoo zitalipa deni la rekodi au hapana.” Usimwongezee neno lingine wala usimbishie kwa simu. Akijibu maswali hayo kwa maandishi, hata kama majibu si mazuri, una mtu wa kuzungumza naye. Akikasirika kwamba umemwonyesha wakili, milioni 2 zake usizipokee.

Na ule ukurasa wa 8 upige picha tena mchana, karibu na dirisha, unitumie. Mstari mmoja unaosomeka unataja matangazo ya biashara na asilimia 70, na ningependa kuona ni asilimia 70 ya nani.